Somo: Kutoka Anwani ya Daftarini hadi Nukta ya Ramani

Mamlaka ya maji inapofunga valvu ili kutengeneza bomba lililopasuka, ni lazima ijue nyumba zipi zitakosa maji siku hiyo, ili wenye nyumba hizo wapewe taarifa na boza la maji lielekezwe kwao. Mabomba na valvu vimechorwa katika ramani kwa latitudo na longitudo. Wateja, kwa upande wao, wameandikwa katika daftari kwa maneno: jina, namba ya akaunti na anwani. Mpaka maneno hayo yageuzwe kuwa namba za ramani, fundi hawezi kuona ni nani aliye mwisho wa bomba analolifunga.

Kugeuza anwani moja ni jambo jepesi. Programu ya ramani huisoma, huilinganisha na majina ya barabara, maeneo na namba za nyumba yaliyomo katika hifadhi yake, kisha hurudisha nukta moja au zaidi. Ugumu huanza pale anwani zinapokuwa mamia au maelfu, kwa kuwa hakuna mtu anayetazama jibu moja moja. Programu inaposhindwa kabisa hukiri, na mteja huyo atatafutwa kwa njia nyingine. Inapokosea hubaki kimya, nayo nukta yake hufanana kabisa na nukta iliyo sahihi. Mteja aliyewekwa mahali pasipo pake huhesabiwa kuwa amekwisha kupatikana, na hakuna atakayemtafuta tena.

Ichukuliwe kwa mfano orodha ya wateja 1,200 wa maji katika kata moja ya mjini. Kabla ya kuitafutia nukta, orodha hunakiliwa. Anwani ya asili huachwa katika safu yake bila kuguswa, na marekebisho yote huandikwa katika safu ya pili. Katika safu hiyo vifupisho huandikwa kwa ukamilifu, “Br.” ikawa “Barabara”, na jina moja lililoandikwa kwa namna tatu hurudishwa kwenye namna moja. Jina la kata, wilaya na mkoa huongezwa mwishoni mwa kila anwani, kwa sababu mwandishi wa daftari aliona kuwa kila mtu anaifahamu kata hiyo, lakini programu haiifahamu. Majina ya wateja, namba zao za simu na madeni yao havitumwi kwenye programu ya nje. Kinachotumwa ni anwani pamoja na namba ya mstari tu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za mteja hata zinapokuwa mikononi mwa mtoa huduma.

Majibu yanaporudi hugawanywa katika mafungu matatu. Katika mfano huu, anwani 700 zimepata jibu moja, 310 zimepata majibu mawili au zaidi, na 190 hazikupata jibu lolote.

Jibu moja si lazima liwe sahihi

Fungu la kwanza ndilo linaloshawishi kuaminiwa bila kukaguliwa, na kwa hiyo ndilo linalokaguliwa kwanza. Ukaguzi wa kwanza ni kupanga orodha kwa kufuata latitudo na longitudo, kisha kuangalia kama nukta moja imejirudia. Ikiwa wateja 85 wamewekwa pahali pamoja palepale, hapo si kwamba kuna nyumba 85. Programu ilishindwa kuipata barabara, ikaipata kata, ikarudisha nukta ya katikati ya kata. Baadhi ya programu hulitaja jambo hili katika jibu lenyewe: ramani za Gugo, kwa mfano, huandika `ROOFTOP` pale nyumba yenyewe ilipopatikana, na `APPROXIMATE` pale lilipopatikana eneo kwa jumla. Alama hiyo haina budi kuhifadhiwa katika safu yake. Ikitupwa, nukta ya katikati ya kata haitatofautishwa tena na nukta ya nyumba.

Ukaguzi wa pili ni kuangalia mpaka. Nukta zote huwekwa juu ya ramani ya kata, na zile zilizoangukia nje huondolewa. Baadhi ya hizo huwa mbali mno, na umbali wenyewe huonyesha chanzo cha kosa. Mji wa Morogoro, kwa mfano, uko takriban latitudo -6.82 na longitudo 37.66. Alama ya kutoa inaonyesha kuwa mji upo kusini mwa Ikweta. Alama hiyo ikidondoka wakati wa kunakili, wateja wa Morogoro wataonekana Ethiopia. Namba mbili zikibadilishana nafasi, wataonekana kusini-magharibi mwa Uhispania. Makosa ya namna hii hurekebishwa kwa mara moja, kwa sababu kwa kawaida huikumba safu nzima.

Kosa lisilojitokeza haraka ni lile la kupunguza tarakimu. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta inaweza kumwonyesha mtu kwa kukosea mamia ya mita, ilhali yenye tarakimu tano hutofautisha mita moja na nyingine. Jedwali la kompyuta likipangwa kuonyesha tarakimu mbili, kisha likahifadhiwa kama maandishi matupu, nyumba za mtaa mzima hurundikana katika nukta chache, na tarakimu zilizopotea hazirudi.

Majibu mengi kwa anwani moja

Fungu la pili lina sababu iliyomo ndani ya lugha yenyewe. Neno “mtaa” katika miji ya Tanzania lina maana mbili. Ni eneo la utawala lenye mwenyekiti na mtendaji wake, na pia, katika mazungumzo ya kila siku, ni njia iliyopita kati ya nyumba. Anwani inayosema “Mtaa wa Sokoni” inaweza kuwa eneo lote la Sokoni au barabara moja inayoitwa hivyo. Isitoshe, majina kama Sokoni, Uhuru na Shuleni hurudiwa katika kata nyingi, na programu haina sababu ya kupendelea kata moja kuliko nyingine.

Jibu la kwanza katika orodha halichukuliwi kwa sababu tu ni la kwanza. Kitu cha kutenganisha ni postikodi. Katika mfumo wa anwani za makazi wa Tanzania, postikodi ina tarakimu tano na hutambulisha kata. Hivyo, hata kama mteja hakuiandika, daftari likitaja kata yake postikodi inajulikana, na majibu yaliyo katika kata nyingine huondolewa. Kwa njia hiyo wateja 240 kati ya wale 310 wanabaki na jibu moja.

Kwa wale 70 waliosalia, msaada hupatikana katika kazi ya msoma dira. Msoma dira hupita nyumba kwa nyumba kwa utaratibu uleule kila mwezi, na daftari lake hufuata utaratibu huo. Ikiwa mteja wa 30 na wa 32 katika njia yake wanatazamana kwenye barabara moja, na mteja wa 31 ana majibu mawili, moja kando yao na jingine kilomita 2 kutoka hapo, jibu lililo kando ndilo linalostahili. Ni lazima, hata hivyo, nukta za majirani wote wawili ziwe zimethibitishwa, kwani jirani aliyekosewa humvuta mwenzake katika kosa lilelile. Wateja 40 huamuliwa kwa njia hii. Wale 30 ambao bado wana shaka hawaamuliwi kwa kubahatisha: hupelekwa kwenye orodha ya kutembelewa.

Anwani zisizopata jibu

Katika fungu la tatu, marekebisho ya tahajia yanaokoa wateja 70. Waliobaki 120 wana tatizo ambalo kompyuta haiwezi kulitatua, kwa sababu anwani yao haitaji mahali wanapoishi. Anwani ya “S.L.P.” ni ya sanduku la barua lililo posta. Programu ikilazimishwa kuitafutia nukta, itamweka mteja posta au katikati ya mji. Anwani ya “nyuma ya msikiti, karibu na mwembe” inaeleweka vizuri kwa jirani, lakini haina kitu cha kulinganishwa na hifadhi ya ramani.

Sasa hesabu inaweza kufungwa. Katika fungu la kwanza, baada ya kuondoa wale 85 na wengine 15 walioangukia nje ya mpaka bila sababu ya kurekebishika, wamebaki 600. Wakijumlishwa na 240, 40 na 70, waliopatikana ni 950. Wa kutembelewa ni 250. Hesabu ya mwanzo, kabla ya ukaguzi, ingesema kuwa wasiojulikana ni 190 tu katika fungu la tatu, na wale 100 waliokosewa katika fungu la kwanza wangebaki wamefichika.

Ziara hufanywa pamoja na mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, ambaye anazijua kaya. Ofisa husimama penye dira yenyewe, si barabarani, husubiri simu ionyeshe kuwa makosa ya kipimo yamepungua chini ya mita 10, kisha huandika latitudo, longitudo na namba iliyo kwenye kibao cha nyumba. Namba ya kibao ni ya lazima, kwa sababu katika mitaa iliyosongamana nyumba mbili zinaweza kukaribiana kuliko kosa la kipimo. Mwisho wa kila mstari huandikwa namna nukta ilivyopatikana, iwe kwa programu, kwa postikodi, kwa njia ya msoma dira au kwa ziara, pamoja na tarehe. Nukta ikija kupingwa siku za usoni, itajulikana uzito wake.

Mteja ambaye bado hajatembelewa huachwa bila nukta, na huandikwa “haijathibitishwa”. Siku valvu inapofungwa, orodha ya wasiothibitishwa katika mtaa huo hutolewa pamoja na ramani, nao hupelekewa taarifa kupitia ofisi ya mtaa. Nafasi tupu humkumbusha ofisa kuwa kuna kaya ya kuulizia, jambo ambalo nukta ya kubahatisha haiwezi kulifanya.

Mkazi ambaye ankara yake inaonyesha S.L.P. au alama ya jirani peke yake anaweza kupunguza kazi hiyo kwa kufika katika ofisi ya mtaa akiwa na ankara, namba ya kibao cha nyumba, jina la barabara na postikodi ya kata yake.