SHILINGI KUMI ZISIZOKATWA NA KUMI NA MOJA ZINAZOKATWA

Mkulima mwenzangu, chukua karatasi na kalamu, maana somo la mwezi huu ni la hesabu.

Tuseme mkulima mmoja ameuza ng'ombe zake akapata Shs. 60,000/-. Fedha hizi hatazihitaji mpaka miaka mitatu ipite, mtoto atakapoingia shule ya sekondari. Aziweke wapi?

Mwezi wa Machi 2017 Serikali ya Kenya ilianza kuuza bondi ya M-Akiba kwa njia ya simu. Kununua bondi ni kuikopesha Serikali fedha kwa muda uliotajwa. Mtu aliweza kuanza na Shs. 3,000/-. Muda ulikuwa miaka mitatu, na faida ilikuwa 10 kwa mia kila mwaka, ikilipwa kila baada ya miezi sita. Fedha zilikuwa za kazi kama barabara na maji, na kwa hiyo faida yake haikukatwa kodi.

Sasa tuseme benki nayo inamwahidi mkulima wetu 11 kwa mia akiziweka kwa muda huo huo. Wengi wangesema mara moja, "Kumi na moja ni zaidi ya kumi." Lakini faida ya benki hukatwa kodi ya 15 kwa mia kabla haijafika mkononi mwako. Kwa mtu binafsi mambo huishia hapo: hata mwenye mapato madogo hukatwa, wala harudishiwi. Basi tupige hesabu ya mwaka mmoja.

Bondi: Shs. 60,000/- kwa 10 kwa mia ni Shs. 6,000/-. Kodi hakuna. Mkononi: Shs. 6,000/-.

Benki: Shs. 60,000/- kwa 11 kwa mia ni Shs. 6,600/-. Kodi ni Shs. 990/-. Mkononi: Shs. 5,610/-.

Kumbe ile kumi imeishinda kumi na moja kwa Shs. 390/- kila mwaka! Kwa miaka mitatu ni Shs. 1,170/-.

Swali la pili: benki ingepaswa kulipa ngapi kwa mia ndipo iwe sawa na bondi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema, "Kodi ni 15 kwa mia, basi niongeze 15 kwa mia juu ya kumi, nipate 11.5." Jaribu uone. Faida ya 11.5 ikikatwa kodi hubaki 9.78 tu, haifiki kumi. Sababu yake ni kwamba kodi haihesabiwi juu ya ile kumi, bali juu ya faida yote kabla ya kukatwa.

Njia iliyo sawa ni hii. Katika kila shilingi 100 za faida, kodi huchukua 15, nawe hubakiwa na 85, yaani 0.85 ya kila shilingi. Kwa hiyo gawanya:

10 ÷ 0.85 = 11.76

Benki ikitoa chini ya 11.76 kwa mia, bondi ni bora. Ikizidi hapo, benki ni bora. Hakikisha mwenyewe: 11.76 kwa mia ya Shs. 60,000/- ni Shs. 7,056/-, ukitoa kodi, Shs. 1,058/-, hubaki Shs. 5,998/-, karibu sawasawa na elfu sita.

Kumbuka kuangalia kiwango cha kodi kwanza. Bondi za kawaida za Serikali za miaka kumi au zaidi hukatwa 10 kwa mia, si 15. Hapo utagawanya kwa 0.90, na jibu litakuwa 11.11.

Tena, linganisha fedha za muda mmoja. Mwenye bondi akitaka fedha kabla ya wakati hana budi kuiuza sokoni, na bei huweza kushuka. Ikishuka Shs. 2/- tu katika kila mia, mkulima wetu hupoteza Shs. 1,200/-, na ile nafuu yote ya Shs. 1,170/- imekwisha. Benki nayo huweza kukupunguzia faida ukitoa fedha mapema. Kwa hiyo, fedha za mbegu za msimu ujao usizifunge kwa miaka mitatu kwa sababu ya kukwepa kodi.

Zoezi: Mwezi wa Februari 2024 Serikali iliuza bondi ya miaka minane na nusu isiyokatwa kodi, yenye faida ya 18.46 kwa mia. Benki inayokatwa 15 kwa mia ingepaswa kulipa ngapi ili iwe sawa nayo? Piga hesabu kwanza, ndipo usome jibu.

Jibu: 18.46 ÷ 0.85 = 21.72 kwa mia.