Moto wa Injini Angani: Hatua za Kukumbukwa na Sababu Zake

Kengele ya moto inapolia mara tu ndege inapoiacha ardhi, kazi ya kwanza ni kuirusha ndege. Kengele hunyamazishwa, magurudumu hukunjwa, na katika mashirika mengi wenzo wa injini hauguswi kabla ya futi 400. Injini inayowaka huweza kungoja sekunde hizo. Ndege iliyopoteza mwelekeo karibu na ardhi haiwezi.

Boeing 737 huhisi moto kwa vihisio viwili vya joto, A na B, vilivyozungushwa kila injini. Kwa kawaida onyo hutoka vyote viwili vinapohisi joto kali, ili hitilafu ya kimoja isiwafanye marubani wazime injini nzima. Onyo likitoka, hatua zifuatazo hufanywa kwa kumbukumbu. Mfumo unaopanga nguvu za injini wenyewe huondolewa, wenzo wa nguvu wa injini husika hufungwa, wenzo wa mafuta hukatwa, kisha swichi ya moto huvutwa. Kabla ya kugusa kila kimoja cha vitatu hivi vya mwisho, rubani mmoja hukitaja na mwenzake hukithibitisha. Uthibitisho huo ndio kinga dhidi ya kuzima injini nzima iliyobaki, na haufai kutamkwa kwa mazoea bila macho kutazama.

Kuvuta swichi pekee hakumwagi dawa. Huifungia injini mafuta, haidroliki na hewa yake, na kuiandaa mitungi ya haloni. Taa ya onyo ikiendelea kuwaka, swichi huzungushwa na kushikiliwa sekunde moja. Baada ya sekunde 30, taa ikiwa bado inawaka, huzungushwa upande wa pili kufyatua mtungi uliosalia. Mitungi ni miwili tu kwa injini zote, hivyo kuitumia kwa pupa ni kujinyima. Subira ya sekunde hizo 30 huipa gesi nafasi ya kufanya kazi.

Gharama ya kukatiza hatua ilionekana Septemba 28, 2007, ndege ya American Airlines aina ya MD-82 iliporuka kutoka St. Louis, Marekani, na injini yake ya kushoto kushika moto. Marubani walilikatiza mara kadhaa zoezi la kuzima moto kwa kazi zisizo za lazima wakati huo, na wachunguzi waliona kuwa jambo hilo liliurefusha moto. Mfumo wa haidroliki uliathirika, gurudumu la mbele halikushuka, na ilibidi wapae tena kabla ya kutua kwa utaratibu wa dharura. Hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo tangazo kwa abiria na mazungumzo na wahudumu husubiri mpaka hatua za kumbukumbu zikamilike na orodha isomwe kuzihakiki. Taa iliyozimika nayo haitoshi kuthibitisha kuwa moto umekwisha, kwani kihisio kilichoungua huweza kunyamaza. Ndege hutua kwenye uwanja wa karibu unaofaa.