Ukumbusho wa Darsa ya Mtandaoni: Uandike Nini, na Uishie Wapi



Ndugu zangu, darsa zetu nyingi sasa zinafanyika kwa Zoom, na wanaohudhuria hawako chuo kimoja wala nchi moja. Yupo aliye Kampala, yupo aliye Kigali au Bujumbura, na wapo wa Goma na Bukavu. Wote hawa wanaitwa kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp unaotumwa siku moja kabla. Katika somo hili nataka tuuangalie ujumbe huo: nini kiwemo, kwa mpangilio gani, na uwe na urefu kiasi gani.

Tuanze na tangazo la aina tunayoipata mara nyingi. Linaanza kwa salamu kamili, kisha kumhimidi Allah na kumswalia Mtume (s.a.w.), kisha aya na maneno marefu juu ya fadhila za kutafuta elimu. Mwishoni kabisa tunasoma: "Tukutane kwenye darsa usiku wa Ijumaa baada ya Isha. Linki itatumwa. Msikose." Ujumbe ni mzuri kuusoma, lakini aliyeusoma hajui siku, hajui saa, hajui mlango wa kuingilia, na hajui ajiandae na nini.

Tazama siku kwanza. "Usiku wa Ijumaa" ni usiku upi? Kwa hesabu yetu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana tunaswali tarawehe ya kwanza kabla ya kufunga siku ya kwanza ya Ramadhani. Kwa hesabu hiyo, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Lakini mwanafunzi anayefuata ratiba ya chuo akisikia maneno hayo hufikiria Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Wote wawili wana hoja, na mmoja wao atafungua simu siku isiyo yake. Dawa yake ni kuandika neno "kesho", jina la siku na tarehe, vyote vitatu pamoja. Akikosea kimoja, viwili vitamzindua.

Kisha saa. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni Kiswahili chenyewe: saa mbili na nusu usiku kwetu ndiyo 20:30 kwenye kioo cha simu. Anayeona "saa 2:30" bila neno "usiku" anaweza kuitega simu yake imwamshe 2:30, yaani saa nane na nusu za usiku. Mtego wa pili ni mipaka. Uganda hufuata saa moja na Kenya na Tanzania, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma kwa saa moja. Darsa ya 20:30 Kampala ni ya 19:30 Kigali. Maneno "baada ya Isha" hayatatui jambo hili, kwa sababu Isha haiingii dakika moja kote huko, na "baada" haina mwisho. Andika saa kwa kila upande, kwa namna zote mbili za kuisoma.

La tatu ni mlango. "Linki itatumwa" humlazimisha msomaji arudi kuitafuta kesho yake katikati ya jumbe nyingine za kundi. Iweke linki siku hiyo hiyo ya kabla, pamoja na namba ya mkutano na nenosiri, kwani anayetumia kompyuta ya maktaba hana linki ya kubonyeza ila ana uwezo wa kuandika namba. Lakini ujumbe wenye nenosiri ubaki ndani ya kundi la wanadarsa. Ukibandikwa kwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, wataingia wasiokuja kusoma.

La nne ni maandalizi: kitabu gani na sehemu gani. "Tutaendelea tulipoishia" hakumfai aliyekosa wiki iliyopita. La tano ni yale yanayomfanya mtu asite kuingia au atoke mapema. Dada zetu wengi hutaka kujua kama kamera ni lazima. Mwenye data kidogo naye anataka kujua hivyo hivyo, maana sauti peke yake hula data kidogo sana kuliko video. Tena Zoom ya bure hukata mkutano ukifika dakika 40. Asiyeambiwa hudhani darsa imekwisha, akaenda zake kulala.

Sasa tuliandike upya tangazo lile, tuchukulie darsa ni ya Arubaini Nawawi na hadithi inayofuata ni ya mambo ya shubuha:

Assalamu alaykum. Darsa ni KESHO, Alhamisi 14 Novemba.
Saa 2:30 usiku Uganda (20:30). Saa 1:30 usiku Rwanda, Burundi, Goma na Bukavu (19:30).
Zoom: (linki)
Namba: (namba ya mkutano). Nenosiri: (nenosiri)
Somo: Arubaini Nawawi, hadithi ya 6. Isomeni mara moja kabla. Mwenye kitabu awe nacho.
Muda: dakika 60. Zoom itakata baada ya dakika 40. Bonyezeni linki hiyo hiyo kurudi. Kamera si lazima.
Ukishindwa kuingia, mpigie katibu wa darsa: (simu)

Maneno hayafiki 70, na huo ndio urefu ninaoupendekeza. Sababu yake iko kwenye simu yenyewe. Ujumbe ukifika, kioo kilichofungwa huonyesha mistari michache ya mwanzo tu, kwa hiyo siku na saa lazima ziwe juu. Ukiwa mrefu sana, WhatsApp huukata na kumtaka msomaji abonyeze asome uliobaki, na wengi hawabonyezi. Ona pia kwamba muda umeandikwa "dakika 60", si "saa 1", ili asije mtu akadhani ni saa ya kuanza.

Je, tumeziacha fadhila za elimu? Hapana, zina mahali pake. Zitumwe kwa ujumbe wa peke yake, siku nyingine ya wiki, au mwalimu afungue nazo darsa. Ukumbusho wa siku ya kabla una kazi moja: kumpa mtu nafasi ya kununua data, kusoma hadithi na kupanga shughuli zake. Ule wa dakika 15 kabla ya kuanza haurudii haya yote. Huo ni mstari mmoja na linki.

Utajuaje kama ukumbusho wako umetosha? Soma maswali yanayokuja kwenye kundi baada ya kuutuma. Mtu mmoja akiuliza saa, huenda hakusoma. Watatu wakiuliza saa, basi saa haimo, au imewekwa chini mno, au inasomeka kwa maana mbili. Usiwajibu mmoja mmoja tu. Rekebisha mstari huo, utume ujumbe mzima upya, na ule wa kwanza uufute ili pasibaki matangazo mawili yanayopingana.

Wabillahi tawfiq.