Mtoto Akilia, Aitikiwe: Mfungamano wa Mtoto na Mlezi

Mfungamano

Mfungamano ni ile hali ya mtoto kuwa na mtu mmoja au wachache anaowakimbilia akiogopa, akiumia au akichoka. Hauji siku ya kuzaliwa. Hujengeka taratibu, na kuanzia miezi sita au saba huonekana wazi: mtoto aliyekubali kubebwa na yeyote sasa anawakataa wageni na kumlilia mama akitoka. Huo si ukorofi. Ni dalili kwamba amekua.

Unavyojengeka

Njia kuu ya mtoto mchanga ya kuita ni kilio. Akilia na mtu akaja, mara nyingi vya kutosha, hujifunza kwamba msaada upo. Akilia na mtu asije, hujifunza kutoita. Na akipakatwa leo, kesho akakaripiwa kwa kilio kilekile, hajui atarajie nini, hivyo hulia zaidi na kung'ang'ania.

Katikati ya miaka ya 1950, mtafiti Mary Ainsworth alizitembelea mara kwa mara familia 26 za Waganda karibu na Kampala. Akina mama walioweza kueleza kwa undani mambo madogo ya watoto wao ndio waliokuwa na watoto watulivu. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, yeye na wenzake waliona kwamba watoto walioitikiwa haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka wao wa kwanza ulipoelekea kuisha.

Kosa linaloonekana kila siku kliniki

"Mwache alie, atazoea." Maneno haya husemwa na watu wenye nia njema, lakini yanaweza kuleta madhara. Mtoto wa miezi mitatu hadekezwi kwa kubebwa. Hana hila, hampimi mama yake, hatafuti ubwana wa nyumba. Akilia, aitikiwe. Kama mama ameshika sufuria ya uji jikoni, sauti yake itangulie mikono: "Nakuja, baba." Akilia usiku, aitikiwe. Akilia mara ya tano, aitikiwe pia. Mtoto aliyenyamaza baada ya kuachwa muda mrefu si lazima awe ametulia. Huenda ameacha kuita.

Hakuna mlezi anayepatia kila mara, na hahitajiki. Kinachojenga ni wingi wa mara anazoitikiwa, na kurudi kumbembeleza baada ya kukosea.

Kilio kwa kawaida huzidi karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Mlezi aliyezidiwa amlaze mtoto chali mahali salama, atoke dakika chache, kisha arudi. Mtoto asitikiswe kwa hasira hata mara moja: ubongo huumia na anaweza kufa.

Mitindo inavyotambuliwa

Ainsworth aliweka jaribio la dakika kama 20 kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mama na mtoto huingia chumba chenye vitu vya kuchezea, mgeni huingia, mama hutoka kwa dakika tatu au chini ya hapo, kisha hurudi. Wengi hudhani kipimo ni kilio mama anapotoka. Sivyo, kinachotazamwa hasa ni mama anaporudi. Mtoto mwenye mfungamano salama humwendea, hubebwa, hutulia, hurudi kucheza. Mwingine hugeuza uso asimtazame mama, kana kwamba hakutoka. Huyu ni mkwepaji, na utulivu wake ni wa nje tu. Wa tatu hutaka kubebwa na papo hapo hurusha mateke, asitulizike. Baadaye watafiti wengine waliongeza kundi la nne: mtoto anayeganda au kwenda kinyumenyume, mara nyingi kwa sababu anayemkimbilia ndiye pia anayemtisha.

Baba, bibi na dada wa kazi

Mtoto anaweza kufungamana pia na baba, bibi au dada wa kazi, na kila mmoja kwa namna yake.

Ukubwani

Watoto waliofuatiliwa tangu miaka ya 1970 huko Minnesota, Marekani, walionyesha kwamba waliokuwa na mfungamano salama, kwa wastani, walielewana vizuri zaidi na wenzao shuleni na baadaye na wapenzi wao. Kwa wastani, si kila mmoja. Mfungamano wa utotoni si hukumu: msiba, vita vya nyumbani au kubadilishiwa walezi vinaweza kuuharibu, na mlezi mpya anayeitikia anaweza kuutengeneza. Kwa hiyo mzazi aliyemwacha mtoto wake alie hajachelewa. Aanze leo: akilia, aitikiwe.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, aliyelegea au mwenye degedege apelekwe mara moja. Mama mwenye huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, au asiyejisikia chochote kwa mtoto wake, amweleze muuguzi wa kliniki ya watoto. Hali hiyo inaweza kuwa ugonjwa, na ina matibabu.