Maharagi laini bado yanaweza kutapisha

SWALI: Dokta, mimi ni mama wa Nyabiondo. Kuni zimekuwa ghali, kwa hiyo maharagi mekundu ninayaloweka tangu asubuhi, jioni ninayabandika mpaka maji yaanze kuvuma, halafu ninatoa kuni na kuyaacha juu ya makala usiku kucha. Asubuhi yanakuwa laini. Juzi tulikula saa moja asubuhi, na ilipofika saa tatu mimi na watoto wote tulikuwa tunatapika. Baba yao aliondoka kwenda shamba bila kula, naye hakuumwa. Jirani akasema ni karuho, akawanywesha watoto mafuta ya mawese ili watapike zaidi. Jioni tulikuwa wazima. Je, kuna mtu alitutegea sumu? Na huyu wa miezi 8, ninaweza kumpikia uji wa unga wa maharagi?

JIBU: Mama, hakuna aliyekutegea kitu. Sumu ilikuwa ndani ya maharagi yenyewe tangu yakiwa shambani, na mapishi yako hayakuitoa. Ninalisema wazi kwa sababu nimeona familia zikigombana na majirani, hata kuhama mtaa, kwa ajili ya sufuria moja ya maharagi ambayo haikuchemka inavyotakiwa.

Maharagi yote ya jamii hii yana kitu kinachoitwa lektini, na yale makubwa mekundu ndiyo yanayokibeba kwa wingi kuliko mengine. Tumbo haliwezi kukimeng'enya. Kinashika ngozi ya ndani ya utumbo, na mwili unakitupa nje kwa kutapika, kisha kwa kuharisha. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Ukitaka kujua tofauti ya bichi na lililoiva, chukua vipimo vya maabara: maharagi mekundu mabichi yana kati ya vizio 20,000 na 70,000 vya lektini, na yaliyoiva sawasawa yanabaki na 200 mpaka 400 tu. Hayo mabaki hayamdhuru mtu.

Sasa tuje kwenye jambo linalonichosha, kwa sababu ninalisikia kila msimu wa mavuno. Akina mama wengi wanaamini kwamba maharagi yakilowekwa sana, au yakikaa motoni saa nyingi, yameiva. Ninaelewa imani hii inatoka wapi. Sisi ni watu wa mihogo. Tangu utoto tumeona mihogo michungu ikilowekwa siku kadhaa mpaka ilegee, na tunajua kwamba maji na muda ndivyo vinavyoitoa sumu yake. Basi tunayapika maharagi kwa akili ileile ya mihogo, na hapo ndipo tunapokosea. Sumu ya maharagi haiondoki kwa muda. Inavunjwa na moto, tena moto wa kuchemsha kweli. Kuloweka kunatoa sehemu ndogo tu, na ile inayobaki inatosha kabisa kuwatapisha watoto wako. Huko Uingereza, mwaka 1976, kundi la wanafunzi waliokuwa likizoni walikula maharagi mekundu yaliyolowekwa tu bila kupikwa, wakaugua muda mfupi baadaye. Maji peke yake hayakuwasaidia.

Moto mdogo ni hatari zaidi ya unavyofikiri. Vipimo vimeonyesha kwamba maharagi yanayopashwa mpaka karibu digrii 80 bila kuchemka yanaweza kuwa makali hata mara 5 kuliko yakiwa mabichi. Wazungu wamelijua hili kwa vyungu vyao vya umeme vinavyopika polepole mchana kutwa: maharagi yanatoka laini, yanalika vizuri, na watu wanatapika. Kwako kazi hiyo ilifanywa na makala. Ulipotoa kuni maji yalipoanza tu kuvuma, ndani ya punje hapakuwa bado na joto la kutosha. Kuanzia hapo sufuria ilikuwa inapoa polepole usiku kucha. Joto lile lilitosha kulainisha ganda na nyama ya punje, lakini halikutosha kuvunja lektini. Kwa hiyo kidole chako na ulimi wako vilikudanganya. Usipime usalama wa maharagi kwa ulaini, wala usidhani kwamba ukitia magadi au bikaboneti ili yalainike upesi umeiondoa sumu. Umeyalainisha tu.

Angalia pia mahali tunapoishi. Milima mingi ya Masisi inapita mita 2,000, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye kimo hicho maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, si 100 kama pwani. Joto hilo bado linavunja sumu, ila linataka muda zaidi. Ndiyo sababu mimi sikwambii dakika 10 kama inavyoandikwa kwenye vitabu vya Waingereza. Ninakwambia dakika 30.

Hebu tuipike sufuria yako upya, na kuni zilezile chache. Chagua maharagi, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi kwa saa 5 au zaidi. Ukiyaloweka usiku kucha ni vizuri pia. Yale maji ya kulowekea yamwage. Najua maji yanabebwa kichwani kutoka mbali, na ninajua wengi wanapikia yaleyale. Yapeleke kwenye mboga za bustani, lakini yasirudi sufuriani. Tia maji mapya yanayofunika maharagi vizuri, funika sufuria, washa moto mkali. Ukiona mapovu makubwa yanapanda na kupasuka katikati ya sufuria, siyo vile vidogo vya pembeni, anza kuhesabu dakika 30 kwa simu au kwa saa ya jirani. Katika nusu saa hiyo mapovu yasikatike. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Ukitia ya baridi na sufuria ikanyamaza, subiri ichemke tena na uhesabu upya.

Baada ya nusu saa hiyo, kuni unaweza kuzitoa. Sumu imekwisha vunjika, na kazi iliyobaki ni kulainisha tu. Acha sufuria juu ya makala ya mbabula, au ifunge kwa blanketi nene ndani ya kikapu, imalizie kuiva kwa joto lake. Unaona, Mama, makala yako hayakuwa na ubaya wowote. Uliyatanguliza kabla ya moto mkali. Lakini usiyaache maharagi ya uvuguvugu kuanzia jioni mpaka kesho yake mchana, maana hapo yanaota vijidudu vingine ambavyo kupasha moto hakutoshi kuviondolea madhara. Pika asubuhi, kula siku hiyohiyo.

Kuhusu jirani na mafuta ya mawese nitakuwa mkali. Usimnyweshe mtoto anayetapika mafuta, wala maziwa, wala dawa ya kienyeji ya kumfanya atapike zaidi, wala usimpige bomba la majani kwa nyuma. Mwili tayari unatupa sumu wenyewe. Mafuta yanapopanda na matapishi, mtoto mdogo anaweza kuyavuta kwenye mapafu, na mafuta yakiingia kule hayatoki kwa kukohoa. Nimepokea mtoto wa namna hiyo: tumbo lilikuwa limetulia zamani, lakini alikuwa anapumua kwa shida na mbavu zikiingia ndani. Bomba la majani nalo linamzidishia kuharisha wakati ambapo maji ndiyo anayoyahitaji.

Anachohitaji ni SRO, ile pakiti inayotolewa kwenye kituo cha afya. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Mpe kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, pumzika dakika 10 kisha uanze tena taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Sasa sikiliza vizuri jinsi ya kutambua. Sumu ya maharagi inaanza saa 1 mpaka 3 baada ya kula, inawashika karibu wote waliokula sufuria moja, inaanza na kutapika kwa nguvu kisha kuharisha na tumbo kukata, na kwa kawaida inakwisha saa 3 au 4 baadaye. Kwako ilienda hivyohivyo, na baba ambaye hakula alibaki mzima. Ikienda kwa namna nyingine, usiseme ni maharagi. Kuharisha maji meupe kama maji ya mchele ni jambo la kipindupindu, na kipindupindu katika Kivu Kaskazini kinaua mtu kwa saa chache. Homa kali inataka kipimo cha malaria. Na kama mlikula mbegu za kupanda zilizotiwa dawa, zile zenye unga wa rangi ya waridi au nyekundu, na mtu anatokwa na mate mengi, misuli inamchezacheza au anasinzia, hiyo ni sumu ya shambani. Haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mkimbize kituoni, na mfuko wa mbegu uende naye.

Watu wanakaa nyumbani siku mbili wakitafuta aliyeroga, halafu wananiletea mtoto ambaye macho yamezama na hajakojoa tangu jana. Hapana. Mtoto wa chini ya miaka 5 au mama mjamzito asiyeweza kubakiza hata kijiko cha maji, aliyekaa saa 6 bila kukojoa, aliyelegea, mwenye damu kwenye choo, au ambaye kutapika kunaendelea mpaka usiku, anaondoka nyumbani saa ileile. Asisubiri asubuhi, asisubiri mganga wa karuho. Na muuguzi aambiwe ukweli wote: mlikula nini, saa ngapi, kilipikwa vipi, na mlimnywesha nini baadaye. Hata kama ni mafuta, sema.

Nimalizie na uji wa huyu wa miezi 8. Mwaka 1972 mtafiti Korte alichapisha uchunguzi wake juu ya vyakula vya kulikiza vilivyochanganywa unga wa maharagi na unga wa nafaka, akakuta kwamba kwa mapishi ya kawaida ya nyumbani lektini haivunjiki yote kila mara, na akaonya hasa kuhusu nchi za milimani. Sababu yake utaiona kwenye sufuria yako: uji unakuwa mzito upesi, unapiga povu moja moja, na mama anauondoa baada ya dakika chache ili usiungue. Kukaanga maharagi makavu kabla ya kusaga hakutoshi, kwa kuwa joto kavu haliingii ndani ya punje kama maji yanayochemka. Basi usisage maharagi mabichi. Yaloweke, yachemshe mazima kwa dakika 30 kama nilivyoeleza, yaendelee mpaka yaive kabisa, kisha yaponde na kuyachanganya kwenye uji wa mahindi au mtama siku hiyohiyo. Ukitaka unga wa kuweka, yaanike juani yakiwa yameshaiva mpaka yakauke kabisa, ndipo usage. Anza na kijiko kimoja cha chakula kwa siku, na uongeze tumbo lake likizoea.