Abiria Anapofunika Reflekta: Tuliyojifunza Tukitengeneza Video ya Bodaboda

Wengi wenu mliniona Oktoba iliyopita kwenye maegesho ya magari huku Saint Paul, usiku, nimeshika kamera, namwamuru mwenzetu mwenye pikipiki asogee mbele, arudi nyuma, apande, ashuke. Mlicheka sana, na haki yenu. Leo naomba nieleze nilichokuwa natafuta.

Binamu yangu ni dereva wa bodaboda mjini Morogoro. Usiku mmoja alikuwa amesimama katikati ya barabara akisubiri kukata kulia, abiria yuko nyuma yake. Gari dogo likawagonga kwa nyuma. Yeye alivunjika mguu. Abiria, mama mtu mzima, aliumia kichwa, na mpaka leo hasemi vizuri. Mtaani maneno yakawa yale yale: "Si ndio hawa hawavai reflekta!" Lakini alikuwa ameivaa, tena mpya. Na mwenye gari aliapa kwamba hakuona kitu. Mimi nawaamini wote wawili, na video yetu ilianzia hapo.

Binamu ndiye aliyeniomba niitengeneze, waitazame kijiweni kwenye simu. Alinipa sharti moja: "Kaka, usije ukatutukana. Picha za damu tumeshaonyeshwa vya kutosha. Tueleze kitu tusichokijua." Ni sharti gumu, maana watu hawa wanaijua barabara kuliko mimi ninayepanda treni kwenda darasani.

Kwanza reflekta yenyewe. Kile kizibao kina vitu viwili tofauti na watu wengi huvichanganya. Kitambaa cha njano au rangi ya chungwa kinachong'aa ni cha mchana; kinategemea mwanga wa jua. Usiku mbele ya taa za gari hakina msaada mkubwa. Kazi ya usiku inafanywa na ile mistari ya rangi ya fedha. Ndani yake mna vipira vya kioo vidogo sana, na kila kimoja hupokea mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka. (Kampuni ya 3M, ambayo makao yake makuu yako hapa jirani, Maplewood, ni miongoni mwa walioanza kuuza vitu vya namna hii tangu miaka ya 1930. Tunapita karibu nayo kila siku, wala hatuna habari.) Kwa kuwa macho ya dereva yako karibu na taa za gari lake, mwanga unarudi kwake. Mtu aliyesimama pembeni haoni ajabu yoyote.

Kutokana na hilo kuna kipimo rahisi ambacho tumekiweka kwenye video. Tundika kizibao ukutani gizani, rudi nyuma hatua ishirini, washa tochi ya simu na uishike shavuni, karibu kabisa na jicho. Mstari ukiwaka mweupe, ni mzima. Ukionekana wa kijivu tu, umekwisha, hata kama njano yake bado inapendeza. Vumbi, grisi na kufuliwa kwa nguvu ndivyo vinavyoumaliza.

Basi tukampandisha mwenzetu kwenye pikipiki, kizibao kipya mgongoni, nami nikakaa ndani ya gari nyuma yake. Aliwaka kama tangazo la biashara. Halafu tukampakia abiria mwenye koti jeusi. Jamani, akapotea! Mgongo wote wa dereva ulikuwa umefunikwa, na koti la abiria lilikuwa limeshuka mpaka kwenye taa ya nyuma. Nikaelewa kilichotokea Morogoro. Kizibao kinamlinda dereva akiwa peke yake, na bodaboda kazini hayuko peke yake.

Tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Tuseme dereva anatumia sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki: mita 25 zimeshakwenda. Kusimama kwenye lami kavu kunahitaji nyingine kama 20. Jumla mita 45. Mtu mwenye nguo nyeusi, kwa taa zilizoinamishwa, mara nyingi huonekana akiwa mita 30 hivi, au pungufu. Hapo hata dereva makini hawezi kitu. Mstari mzima wa reflekta huonekana zaidi ya mita 100.

Kwa hiyo kwenye video hatusemi tu "vaeni reflekta". Tunasema iwekwe mahali ambapo abiria hafuniki. Maneno ya onyesho hilo ni haya:

"Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za kazi. Tunajua mnavaa. Tunaomba muangalie nyuma ya chombo. Bandika kipande cha reflekta nyuma ya kofia yako, kingine kwenye kibao cha namba pembeni bila kuziba namba, na mpe abiria kizibao chake. Kisha simamisha pikipiki ukutani usiku, kanyaga breki, geuka nyuma. Ukuta ukibadilika kuwa mwekundu, taa yako ni nzima."

Hilo la ukuta ni muhimu kwa sababu dereva haioni taa yake ya nyuma. Binamu alikuja kugundua kwamba balbu yake ilikuwa imeungua, hajui tangu lini.

Sasa kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kinachookoa si ganda la nje, ni lile povu gumu la ndani, mfano wa lile linalokuja na boksi la televisheni. Kichwa kikigonga, povu linabonyea na kukipunguzia mshtuko. Likishabonyea halirudi, ndiyo maana kofia iliyopata ajali haifai tena. Pekua kitambaa cha ndani: ukikuta sponji laini halafu plastiki, hiyo ni mapambo. Kisha funga mkanda mpaka vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, na jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni. Ikitoka, na barabarani itatoka.

Abiria wengi wanaikataa kofia kwa jasho la watu na kwa kuogopa kuharibu nywele. Hatukuwacheka, wana hoja. Tunapendekeza dereva awe na vikofia vyepesi vya kitambaa vya kuvaa chini yake na avifue kila siku.

Kuna jambo moja lililotusumbua. Hapa Minnesota sheria inawalazimisha kuvaa kofia walio chini ya miaka 18 na wanaojifunza. Mtu mzima mwenye leseni kamili anatakiwa kukinga macho tu. Kiangazi ukipita barabarani utaona vichwa vitupu vingi. Tukakata picha zote za mitaani, maana kijiweni lazima mtu angeuliza, "Mbona wazungu wenyewe hawavai?"

Nilimtumia binamu nakala ya kwanza. Akanijibu siku hiyo hiyo: "Nzuri kaka, lakini mimi jioni nabeba magunia ya mkaa. Reflekta ya abiria nimvishe nani?" Kweli kabisa. Mzigo nao unafunika taa, na hauna mgongo wa kuvalishwa kizibao. Jumamosi tunarudi maegeshoni na gunia lililojazwa magazeti, tujaribu mkanda wa reflekta unaofungwa juu ya mzigo wenyewe. Mwenye gari lenye taa nzuri aje, na avae koti, baridi imeshaanza.