Timu Iko Ngong, Kitengela na Kajiado: Jinsi ya Kukabidhiana Kazi ya Video Bila Kupotezana

Ukiwa na timu ndogo ya kutengeneza video, unajua pesa ya mwisho haiingii mpaka faili ya mwisho imfikie mteja. Deposti ilishaliwa na nauli na kukodi kamera. Mteja anapiga simu kuuliza video iko wapi. Wewe unampigia mhariri, mhariri anasema anangoja mtafsiri, naye mtafsiri anasema alituma tangu Jumanne. Kila mtu amefanya kazi yake, lakini kazi yenyewe imesimama.

Sisi tunaoandaa video za kuwaelimisha wateja tumewahi kuingia kwenye shimo hilo hilo. Mtafsiri wetu aliweka manukuu kwenye toleo moja, kumbe mhariri alikuwa ameshakata sekunde 4 za mwanzo kwenye toleo lingine. Faili zote mbili ziliitwa "final". Maandishi yakawa yanachelewa nyuma ya sauti video nzima, na usiku huo tukarudia kazi ya siku mbili. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kilichokosekana ni njia ya kukabidhiana.

Leo tuipitie njia hiyo kwa mfano mmoja. Tuseme kikundi cha wanawake wanaotengeneza shanga karibu na Kajiado mjini kinataka video ya dakika 3. Wanaongea Kimaa, na wanataka manukuu ya Kiswahili. Mpigapicha na msimamizi wako Ngong, mhariri yuko Kitengela, mtafsiri yuko Kajiado mjini. Wote wako kaunti moja, lakini kutoka Ngong hadi Kitengela ni kuzunguka kwa Kiserian na Isinya, au kupenya Nairobi na jam yake. Huwezi kupeleka diski kila mara kuna swali.

1. Bodi moja, na anayepokea ndiye husogeza kadi

Fungua bodi kwenye Trello au programu yoyote inayofanana nayo. Inafanya kazi hata kwa simu. Weka safu sita: Imepangwa, Inapigwa, Inahaririwa, Manukuu, Kwa mteja, Imelipwa. Kila video ni kadi moja. Kwenye kadi andika nambari ya kazi (yetu tuiite KAJ-014), jina la anayeishikilia sasa, tarehe ya kumaliza, na linki ya folda yake. Usiongeze mengine mwanzoni.

Makosa huanzia kwenye kusogeza. Timu nyingi humwacha aliyemaliza asukume kadi mbele. Mpigapicha anapakia faili, anasukuma kadi hadi "Inahaririwa", anafunga simu. Bodi inaonyesha mhariri ana kazi, kumbe upakiaji ulikatika katikati au faili mbili hazifunguki. Siku mbili zinapita kila mmoja akiamini mpira uko kwa mwenzake.

Geuza sheria: aliyemaliza anaandika "Tayari" kwenye kadi na kuiacha palepale. Anayepokea anafungua folda, anahesabu faili, anacheza mbili tatu, kisha yeye mwenyewe ndiye anavuta kadi kwenye safu yake. Kabla hajaivuta, kazi bado ni ya aliyetangulia. Wazo hili si geni. Viwanda vya Toyota kule Japani vilijengwa juu ya kadi za namna hii, ambapo hatua ya mbele ndiyo huvuta kutoka hatua ya nyuma.

Ukifanya hivi, bodi inakuambia ukweli. Kadi ikikaa na neno "Tayari" zaidi ya siku moja, unajua ni mpokeaji wa kupigiwa simu.

2. Folda: piga hesabu kabla ya kupakia

Akaunti ya bure ya Google Drive ina gigabaiti 15, na nafasi hiyo inagawanywa na Gmail na Google Photos. Inaonekana nyingi mpaka ukutane na kamera. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inakula megabaiti 375 kila dakika. Dakika 40 za picha za Kajiado ni gigabaiti 15 kamili. Kazi moja tu, na akaunti imejaa.

Tena nafasi inakatwa kwa aliyepakia, hata kama folda ni ya mtu mwingine. Akaunti ya mpigapicha ikijaa, hata barua pepe zake za Gmail zitaacha kuingia. Akizifuta faili zake ili apumue, mhariri naye amezikosa.

Halafu kuna muda. Kwa intaneti inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 15 zitachukua karibu saa 7, na hiyo ni kama haitakatika.

Kwa hivyo usipakie picha za asili. Tengeneza nakala nyepesi. Programu za kuhariri kama DaVinci Resolve zinaweza kukutengenezea. Ukiziweka kwenye megabiti 4 kwa sekunde, dakika zilezile 40 zinakuwa kama gigabaiti 1.2, na zinapanda kwa muda wa nusu saa hivi. Jina la kila nakala libaki lilelile la faili ya asili, kwa sababu baadaye programu itatumia jina hilo kuunganisha. Mhariri wa Kitengela anakata video nzima kwa nakala nyepesi. Akimaliza, anaandika kwenye kadi orodha ya klipu alizotumia kweli, labda 8 kati ya 40, na mpigapicha anapakia hizo 8 tu za asili.

Za asili zote zinabaki Ngong, kwenye diski mbili tofauti. Memori kadi isifutwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuonekana. Na usitume picha za kazi kama video za kawaida za WhatsApp, zitapungua ubora. Ukilazimika, zitume kama dokumenti.

Folda yenyewe iwe hivi:

```
KAJ-014_Shanga/
  01_Nyepesi/
  02_Mradi/
  03_Manukuu/
  04_Kwa-mteja/
  05_Risiti/
```

Mtafsiri mpe folda 03 peke yake. Mteja mpe 04, na kwenye Google Drive mchagulie "Viewer" ili aone bila kuweza kufuta. Risiti na bei ulizokubaliana na kila mtu si za macho ya wote.

Majina ya faili nayo yaende kwa nambari: KAJ-014_v01, KAJ-014_v02. Neno "final" lipigwe marufuku. Leo ni final, kesho ni final2, kesho kutwa ni final_kabisa, na hapo ndipo sisi tulipoanguka.

3. Makabidhiano yanayouma zaidi: kabla ya manukuu

Kati ya hatua zote, hii ndiyo ya kuangaliwa sana. Faili ya manukuu ni maandishi ya kawaida yaliyofungwa kwenye saa ya video:

```
1
00:00:04,000 --> 00:00:07,500
Tulianza na wanawake sita.
```

Yaani sentensi hiyo inatokea sekunde ya 4 na kuondoka sekunde ya 7 na nusu. Faili haijui nani anaongea, inajua saa tu. Mhariri akipunguza sekunde 4 mwanzoni baada ya mtafsiri kumaliza, kila mstari unachelewa sekunde 4. Akikata katikati, mwanzo utakuwa sawa na mwisho utaharibika, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu unaweza kuitazama dakika ya kwanza tu na kuiona iko poa.

Dawa ni kufunga picha. Kabla mtafsiri hajavuta kadi, mteja awe ameshaona mpangilio wa video na kuukubali, na mhariri aandike: "Picha imefungwa, v03, dakika 3 sekunde 04." Mtafsiri anaangalia urefu wa faili aliyopokea. Ikiwa si 3:04, hagusi chochote, anauliza kwanza. Akimaliza, jina la faili yake libebe toleo hilo: KAJ-014_v03_sw.srt.

Mteja akiomba mabadiliko baada ya hapo, sawa, lakini kadi inarudi kwenye "Inahaririwa" na toleo linakuwa v04. Msimamizi amwambie mteja wazi kwamba manukuu yatapangwa upya na hiyo ni siku nyingine ya kazi ya kulipia.

Mhariri akipokea manukuu, asiangalie mwanzo tu. Acheki sehemu tatu: mwanzo, katikati na dakika ya mwisho. Zikilingana na midomo ya wanaoongea, anaweka manukuu ndani ya video na mtafsiri amemaliza.

4. Pesa ifuate kadi

Mtu aliye mbali halioni sura yako, anaona SMS tu. Ukimlipa mtafsiri siku yoyote unayojisikia, kazi ijayo ataiweka nyuma ya foleni. Kubalianeni mapema kwamba malipo yake yanatoka siku ambayo mhariri ameyakubali manukuu, si siku ambayo mteja atalipa. Kwa mfano, mkipatana na mteja shilingi 45,000, omba deposti ya 22,500 kabla ya kwenda Kajiado, na ndani ya deposti hiyo tenga kabisa ujira wa mtafsiri na gharama ya kuutuma.

Ukishatuma, nakili msimbo wa muamala kutoka kwenye SMS na uubandike kwenye kadi. Mwezi ukiisha hamtabishana nani alilipwa kwa kazi gani. Mteja akilipa kwa paybill, mwombe aandike KAJ-014 kwenye nafasi ya nambari ya akaunti, ili malipo yajitambulishe yenyewe.

Na salio la mwisho? Kwenye folda 04 weka kwanza toleo lenye jina la timu yenu likipita katikati ya picha. Mteja ataona kila kitu, lakini hataweza kulitumia sokoni. Akilipa, thibitisha kwa kuangalia salio lako mwenyewe. Picha ya SMS aliyokutumia haitoshi, kwa sababu inaweza kuhaririwa. Kisha weka toleo safi na uvute kadi hadi "Imelipwa".

Bado kuna jambo moja. Folda mnaweza kugawana, lakini PIN ya laini inayopokea pesa usigawane na mtu, hata msimamizi mwenzako. Na kazi ikishafungwa, mwondoe kwenye folda yeyote aliyekuwa wa kibarua hicho tu.

Usihamishie kazi zako zote kwenye bodi leo. Chukua kazi moja inayofuata, ipe nambari, na uwaambie wenzako sheria moja tu ya kuanzia: aliyepokea na kufungua faili ndiye anayesogeza kadi.